Kufuli tatu za jeni ya gama: ipi uifungue kwanza ukitaka himoglobini ya kijusi irudi?

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima. Niliwahi kumsikia mama mmoja kliniki akimuuliza daktari, "Mwanangu alizaliwa na kilo tatu na nusu, ananyonya vizuri, hana shida yoyote. Sasa ana miezi minane, vidole vimevimba, akiguswa analia. Huu ugonjwa ulikuwa umejificha wapi?" Daktari alimjibu kwa upole kwamba mtoto alikuwa na damu ya kumkinga aliyotoka nayo tumboni, na sasa imekwisha. Jibu lilikuwa sahihi. Ila ndani yake kuna swali zito zaidi: kwa nini imekwisha, wakati jeni zinazoitengeneza bado zipo?

Zipo kweli. Kwenye kromosomu ya 11 kuna safu ya jeni za globini, protini zinazounda himoglobini. Baada ya jeni ya kiinitete zinafuata mbili za gama, yaani HBG2 na HBG1, kisha delta, na mwishoni beta. Gama hutengeneza himoglobini ya kijusi, ile inayoandikwa HbF kwenye majibu ya maabara. Selimundu iko kwenye beta: herufi moja imebadilika, GAG imekuwa GTG, na himoglobini inayotoka hapo hushikana kuwa nyuzi ngumu chembe ya damu inapopungukiwa oksijeni. HbF haiingii kwenye nyuzi hizo, tena huzivuruga. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya himoglobini yake bado ni HbF. Katika miezi inayofuata gama hufungwa na beta hushika usukani, na mtu mzima wa kawaida hubaki na HbF isiyofika hata asilimia 2. Mtu wa miaka 40 ana jeni za gama zilezile alizozaliwa nazo, herufi kwa herufi. Zimefungwa tu.

Zimefungwa kwa kufuli tatu, na watu wengi huzieleza kana kwamba ni kitu kimoja. Nimeona wanafunzi wa shahada ya pili wakichagua kipimo cha methili, alama ndogo ya kemikali inayobandikwa kwenye DNA, kwa sababu ndicho walichokisikia darasani, ilhali swali lao lilihusu kufuli nyingine kabisa. Ndiyo maana naziweka hapa kando kwa kando, zote kwenye jeni hii moja, ili anayetaka kuchagua cha kupima, au anayetaka kuelewa dawa fulani inagusa nini, ajue anachagua nini.

Kufuli ya kwanza: nukleosomu inasogezwa

DNA haijalala wazi kwenye kiini cha seli. Kila kipande cha herufi 147 hivi kimezungushwa karibu mara mbili kwenye kidonge cha protini nane za histoni, kisha uzi unaendelea hadi kidonge kinachofuata, kama shanga zilizotungwa. Kidonge kimoja na DNA yake ndicho nukleosomu, na nyuzi hizi zikiwa na protini zake zote ndizo kromatini. Jeni ikitaka kusomwa, sehemu ya mwanzo wake, yaani promota, lazima iwe wazi ili protini za kuanzisha usomaji zipate pa kukaa. Shanga ikikaa juu ya sehemu hiyo, hazipati nafasi.

Kuna mashine za protini ambazo kazi yake ni kuzisukuma shanga hizo, kuziondoa, au kuzipanga upya, na hufanya hivyo kwa kuchoma ATP, nishati ya seli. Nyingine hufungua, kama kundi la SWI/SNF. Nyingine hufunga. Inayotuhusu hapa ni NuRD, ambayo msukumaji wake ni protini ya CHD4.

NuRD haijui yenyewe iende wapi. Anayeiita kwenye gama ni BCL11A, protini inayozitambua herufi TGACCA zilizo kama herufi 115 kabla ya mwanzo wa jeni. Jirani na hapo, karibu na herufi ya 200 kabla ya mwanzo, hukaa ZBTB7A, nayo ikifanya kazi hiyohiyo. Kuna watu wanaozaliwa na badiliko la herufi moja kwenye mojawapo ya sehemu hizi mbili, na gama yao haifungwi vizuri ukubwani. Wanaishi bila ugonjwa wowote kwa sababu hiyo. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzuri kuliko yote kwamba mkono unaofunga huanzia hapo: badiliko halijagusa histoni wala methili, limeondoa tu mahali pa mfungaji kukaa.

BCL11A ina kazi ya pili, na isisahaulike. Ikikaa pale, humwondoa jirani yake NF-Y, protini ambayo ingeifungua gama. Kwa hiyo kabla hata shanga haijasogezwa, kiti cha mfunguaji kimeshachukuliwa.

Kufuli ya pili: asetili zinabanduliwa

Histoni zina mikia inayochomoza nje ya shanga. Mikia hiyo imejaa lisini, yenye chaji chanya, na DNA ina chaji hasi, kwa hiyo vinavutana na uzi unabana. Kimeng'enya kama p300 kikibandika asetili, kikundi kidogo cha kemikali, kwenye lisini, chaji ile chanya hupotea, mvutano unalegea. Zaidi ya hapo, asetili yenyewe huwa alama inayosomwa: kuna protini zenye mfuko maalumu wa kuishika asetili, na zikishaishika huwavuta wenzao wa kuanzisha usomaji. Mwanabiokemia Vincent Allfrey alishalihusisha jambo hili na usomaji wa jeni mwaka 1964, ila vimeng'enya vyenyewe havikutambuliwa vizuri hadi 1996.

Wanaobandua asetili huitwa HDAC. Na hapa ndipo watu wanapotakiwa kusimama kidogo: HDAC1 na HDAC2 ni viungo vya NuRD ileile. Mashine moja ina mkono wa kusukuma shanga na mkono wa kubandua asetili. Ukiona gama imefungwa na asetili hakuna, usikimbilie kusema asetili ndiyo chanzo. Mikono yote miwili iliingia mlangoni pamoja.

Tofauti kubwa ya kufuli hii ni kasi. Asetili hubandikwa na kubanduliwa ndani ya dakika hadi saa chache. Haina kumbukumbu ndefu. Historia ya butireti inalionyesha hilo vizuri kuliko maelezo yoyote. Katika miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba watoto wa mama wenye kisukari huchelewa kufunga gama, na kilichowachelewesha kilikuwa asidi ya jamii ya butireti iliyozidi kwenye damu yao. Butireti huzuia HDAC. Mwaka 1993 ikajaribiwa kwa wagonjwa kwa njia ya dripu, gama ikaamka. Majaribio yaliyofuata ya kuitoa mfululizo kwa muda mrefu yakakatisha tamaa. Kisha mwaka 1999 ikatolewa kwa vipindi, siku 4 kila baada ya wiki 4, na wagonjwa 9 kati ya 11 wakaitikia, wastani wa HbF yao ukipanda kutoka asilimia 7.2 hadi 21. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni mapumziko, kwa sababu butireti ikikaa muda mrefu huzizuia chembe changa za damu kugawanyika, na chembe zisipozaliwa hakuna wa kubeba hiyo HbF. Hata hivyo dripu ya siku 4 kila mwezi ni mzigo, na butireti huisha kwenye damu baada ya dakika chache. Haikuwa dawa ya kuishi nayo.

Kufuli ya tatu: methili kwenye DNA yenyewe

Hii ndiyo inayojulikana zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Pale ambapo sitosini inafuatwa na guanini, yaani penye CG, kimeng'enya hubandika methili kwenye sitosini. Herufi haibadiliki, bado ni C, bado inaambatana na G. Lakini protini fulani huisoma tofauti. Mojawapo ni MBD2, inayoshika CG zenye methili. Na MBD2, kwa mara nyingine, ni kiungo cha NuRD. Kwenye seli za maabara, ukiiondoa MBD2 gama huamka kwa kiasi kikubwa, lakini ukiiondoa ndugu yake MBD3 haiamki.

Promota ya gama ina CG chache tu, za kuhesabu kwa vidole, zilizotawanyika kabla na baada ya mwanzo wa jeni. Kwenye chembe changa za damu za kijusi hazina methili. Za mtu mzima zinayo.

Uwezo wake ni kumbukumbu. Seli inapogawanyika, DNA inanakiliwa, na kila nakala huwa na uzi mmoja wa zamani wenye methili na uzi mpya usio nayo. Kimeng'enya cha DNMT1 hupita nyuma, kinaona CG yenye methili upande mmoja tu, kinajaza upande wa pili. Ndiyo sababu alama hii huvuka mgawanyiko hadi mgawanyiko.

Sasa mzuie DNMT1 uone kinachotokea. Anza na DNA moja yenye methili kwenye nyuzi zote mbili. Baada ya mgawanyiko wa kwanza una DNA mbili, kila moja ina methili upande mmoja. Baada ya wa pili una nne: mbili zina methili upande mmoja, mbili hazina kabisa. Baada ya wa tatu una nane: mbili tu ndizo zina alama ya upande mmoja, sita ziko tupu. Hakuna aliyefuta chochote. Methili imepungua kwa kutojazwa. Kwa hiyo seli isiyogawanyika haitaipoteza kwa njia hii hata ukiimwagia dawa, na seli inayogawanyika itahitaji siku kadhaa.

Hivyo ndivyo azasitidini na desitabini zinavyofanya kazi. Huingizwa kwenye DNA mpya mahali pa sitosini, DNMT1 ikija kubandika methili inanasa hapohapo, kisha inaharibiwa na seli. Mwaka 1982 azasitidini ilipewa nyani, halafu mgonjwa mwenye thalasemia kali, ugonjwa mwingine wa himoglobini, na utengenezaji wa gama kwa mgonjwa huyo ukapanda kama mara saba. Watu wakaona fumbo limefumbuliwa: toa methili, gama inafunguka.

Miaka miwili baadaye ikaja hidroksiyurea. Haiondoi methili, lakini nayo hupandisha HbF, na ndiyo dawa inayotumika hadi leo kwenye kliniki za selimundu, zikiwemo za Kenya, Uganda na Kongo ambako ilijaribiwa kwa watoto na matokeo kutolewa mwaka 2019. Huua baadhi ya chembe changa zinazogawanyika, uboho unalazimika kuzalisha damu haraka, na damu inayozalishwa kwa haraka huwa na HbF zaidi. Swali likawa gumu kwa haki kabisa: azasitidini nayo ni sumu ya seli, je, ilifungua kufuli au ilitikisa tu uboho? Jibu lilianza kueleweka kwa dozi ndogo za desitabini, ndogo kiasi cha kupunguza DNMT1 bila kuua seli nyingi, na bado HbF ikapanda. Mwaka 2017 ikatolewa taarifa ya jaribio la kuimeza pamoja na dawa ya pili inayozuia kimeng'enya kinachoivunja mwilini. Kwa hiyo methili ni kufuli ya kweli. Ila si yeye aliyefunga mlango.

Zikiwekwa kando kwa kando

| | Upangaji wa kromatini | Asetili | Methili |
|---|---|---|---|
| Kinachobadilika | mahali shanga ilipo | chaji na alama ya mkia wa histoni | sitosini penye CG |
| Hudumu | mradi aliyeiita mashine yupo | dakika hadi saa | huvuka migawanyiko |
| Iliyojaribiwa kwa wagonjwa | kuzima BCL11A kwenye chembe changa za damu | butireti | azasitidini, desitabini |
| Kipimo | ATAC-seq | ChIP-seq ya H3K27ac | bisalfaiti |

Kwa tiba, ningechagua safu ya kwanza, lakini si kwa kumgusa CHD4. Huyo hufanya kazi kwenye jeni nyingi mno kwenye mwili mzima, na hali ni hiyohiyo kwa HDAC na DNMT1: ukimzuia, unafungua kufuli za nyumba nyingi ambazo hukukusudia kuingia. Chembe nyeupe hushuka, na dozi inabanwa na hilo kuliko kitu kingine. BCL11A ina nafuu moja kubwa: sehemu ya DNA inayoiwasha kwenye ukoo wa chembe nyekundu si ileile inayoiwasha kwenye seli nyingine. Tiba iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata, hukata hapo. Ni kweli inabadilisha herufi, lakini si za gama. Herufi zinazobadilishwa ni za kumwasha mfungaji, na gama inaachwa ifunguke kwa njia zake. Inahitaji kutoa seli za uboho, kuzihariri maabara, na kuusafisha uboho kwa dawa kali kabla ya kuzirudisha, kwa bei ambayo hospitali zetu haziifikii. Kwa hiyo kwa mtoto aliye mbele yako leo, hidroksiyurea bado ndiyo iliyo mkononi. Na kama kuna kidonge cha siku za mbele kitakachogusa kufuli moja kwa moja, mimi naipa methili nafasi nzuri kuliko asetili, kwa sababu kumbukumbu yake inafanya kazi kwa faida yako: ukishaipunguza kwenye chembe changa, watoto wa chembe hiyo wanairithi hali hiyo hata dawa ikiwa imeshaisha kwenye damu.

Kwa kupima ningechagua tofauti, na hapa inategemea swali.

Ukitaka kujua kama mlango uko wazi sasa hivi, anza na ATAC-seq. Kimeng'enya cha Tn5 kinaingia kwenye kiini na kukata popote palipo wazi, kikiacha vipande unavyovisoma. Kinahitaji seli chache na siku chache. Dalili ya kazi nzuri utaiona kwenye urefu wa vipande: vingi vifupi, halafu kilima cha pili cha vipande vinavyotosha kuzunguka shanga moja, halafu cha shanga mbili. Ukikosa vilima hivyo, ujue seli zilikuwa zimekufa au kimeng'enya kilizidi, na usizisome namba zilizobaki. Ukitaka kujua kama jeni inasukumwa isomwe, pima asetili ya lisini ya 27 kwenye histoni H3, yaani H3K27ac, kwa ChIP-seq: kingamwili huvuta vipande vya DNA vyenye alama hiyo, nawe unavisoma, lakini usijisumbue kama kingamwili yako haijathibitishwa. Kingamwili mbaya hukupa picha nzuri ya kitu kisichokuwepo.

Ukitaka kujua seli imekumbuka nini, tumia bisalfaiti. Kemikali hii hugeuza kila sitosini isiyo na methili, na kwenye usomaji inatokea kama T. Yenye methili inabaki C. Chukua kipande cha kufundishia, chenye methili kwenye CG ya kwanza tu:

```
kabla : ACGTTCAGCGA
baada : ACGTTTAGTGA
```

CG ya kwanza imebaki, ya pili imekuwa TG. Tazama pia C ile ya katikati, ya sita, isiyo na G baada yake: nayo imekuwa T, kama inavyotakiwa, kwa kuwa kwenye seli za damu C za namna hiyo karibu zote hazina methili. Hiyo ndiyo shahidi wako. Zikibaki C nyingi za namna hiyo kwenye usomaji, kemikali haikumaliza kazi, na methili unayoiona ni ya uongo. Nimeona kazi ya miezi ikitupwa kwa kutomsikiliza shahidi huyu.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wa wagonjwa zaidi kuliko wa maabara. Tuseme CG za gama zinasomeka asilimia 30 hazina methili. Hiyo inaweza kuwa seli 30 kati ya 100 zilizo wazi kabisa na 70 zilizofungwa, au kila seli ikiwa imefunguliwa moja tu kati ya nakala zake nne za gama na chache zikiwa na mbili. Wastani ni uleule, mgonjwa si yuleyule. Wa kwanza ana seli 70 zisizo na kinga, zitakazojikunja na kuziba mishipa. Kwa hiyo usiangalie CG mojamoja na kuchukua wastani. Soma kila molekuli mzima mzima: kama CG zake zote zimekaa kimya pamoja au zimechanganyika. Kisha ipime damu yenyewe kwa njia mbili, jumla ya HbF kwa kromatografia, na idadi ya chembe zenye HbF kwa mashine ya kuhesabu seli mojamoja.

Na kama umempunguza BCL11A kwenye seli za maabara, chukua sampuli mara tatu, usichukue mara moja. Siku ya kwanza pima uwazi na asetili, kwa sababu hizo ndizo zinazoweza kubadilika haraka hivyo. Methili isubiri mpaka seli zigawanyike mara tatu, uhesabu migawanyiko hiyo kwa macho yako na si kwa kalenda, ndipo uweke bisalfaiti.